Dakika 23 za Kukatika kwa Huduma, na Jinsi Nilivyojifunza Kuzisimulia Kwenye Usaili

Usaili wa kazi za uhandisi wa programu huwa na awamu moja isiyo na msimbo wa kuandika wala mchoro wa mfumo wa kuchora. Wasaili hutaka kusikia mambo uliyowahi kuyatenda, na swali wanalolipenda sana ni hili: tueleze kuhusu siku ambayo mfumo uliokuwa mikononi mwako ulikwama wakati wateja wanautumia. Swali hilo nimeulizwa mara mbili, na kampuni mbili tofauti, katika kipindi cha miezi minne, na mara zote mbili nilisimulia tukio lile lile. Mara ya kwanza nilikataliwa. Sababu niliyopewa ilikuwa ya sentensi moja: jopo halikuweza kujua mimi binafsi nilifanya nini na kwa nini. Mara ya pili nilipata kazi. Kilichobadilika katikati ni masimulizi, nami naeleza hapa jinsi yalivyobadilika, nikianza na tukio lenyewe, kwa sababu bila kulijua tukio msomaji hataona nilipokosea katika kulisimulia.

Nilikuwa mhandisi katika timu iliyotunza huduma ya kupokea oda. Kanzidata yetu ilikuwa PostgreSQL, na jedwali la oda ndilo lililosomwa na karibu kila ombi la mteja. Nilihitaji kuongeza safu moja katika jedwali hilo, yenye thamani ya kuanzia. Nilikuwa nimesoma, na ni kweli, kwamba tangu toleo la 11 la PostgreSQL kuongeza safu yenye thamani ya kuanzia isiyobadilika hakulazimishi jedwali zima kuandikwa upya, kama ilivyokuwa katika matoleo ya nyuma. Nilijaribu amri yangu katika mazingira ya majaribio, ikamalizika chini ya sekunde moja. Kwa hiyo niliiweka pamoja na toleo jipya la programu, nikavipeleka vyote kwa wakati mmoja, asubuhi, saa ambazo wateja walikuwa wengi.

Nisichokizingatia ni kwamba amri hiyo, hata ikiwa kazi yake ni ya kufumba na kufumbua, lazima kwanza ipate kufuli la jedwali, na kufuli inalolitaka ndilo zito kuliko yote: halikubali kukaa pamoja na mtu yeyote, hata anayesoma tu. Asubuhi ile mtu wa idara nyingine alikuwa ameanzisha ripoti ndefu iliyosoma jedwali lile lile, nayo ilikuwa imeshakimbia kwa dakika 40 hivi. Ripoti ilikuwa na kufuli jepesi la kusoma, na peke yake haikumsumbua mtu. Amri yangu ilifika, ikakuta ripoti, ikaanza kungoja. Tangu hapo kila ombi jipya la kusoma oda lilijipanga nyuma ya amri yangu, kwa kuwa PostgreSQL haimruhusu anayekuja baadaye kumruka aliyetangulia ikiwa makufuli yao yanapingana. Ripoti haikuwazuia wateja, na amri yangu haikuwa imeanza kufanya kazi. Lakini vikipangwa vikafuatana, vilifunga mlango wa jedwali zima.

Tulikuwa na seva 4 za programu, kila moja ikiwa na miunganisho 20 ya kanzidata. Chini ya dakika moja miunganisho yote 80 ilikuwa imekaliwa na maombi yanayosubiri kufuli. Kengele ya tahadhari ililia dakika ya 3. Mimi ndiye niliyekuwa zamu, na mimi ndiye niliyekuwa nimepeleka toleo jipya, kwa hiyo nilifikiri jambo la kwanza ambalo kila mhandisi hulifikiri: msimbo wangu mpya una kasoro. Nikaanza kurudisha toleo la awali la programu. Zoezi hilo lilikula dakika 11, na lilipokamilika hali haikubadilika hata kidogo. Kwa kweli ilikuwa imeharibika zaidi. Seva zilizowashwa upya zilifungua miunganisho mipya, ilhali ya zamani ilikuwa bado imo ndani ya kanzidata ikisubiri zamu yake, na kikomo chetu kilikuwa miunganisho 100, ambacho ndicho PostgreSQL huja nacho usipokibadilisha. Nilipojaribu kuingia kwenye kanzidata nijionee mwenyewe, nilikataliwa: ujumbe ulisema nafasi zilizosalia zimetengwa kwa ajili ya msimamizi mkuu.

Nilipoteza dakika nyingine 5 nikijaribu tena na tena kuingia kwa akaunti ile ile. Hatimaye nilimpigia mwenzangu aliyekuwa na akaunti ya msimamizi mkuu. Akaingia kupitia mojawapo ya nafasi 3 ambazo PostgreSQL huziweka akiba, nikamsomea ulizo hili kwa simu:

```sql
SELECT pid, wait_event_type, pg_blocking_pids(pid),
       left(query, 60)
FROM pg_stat_activity
WHERE wait_event_type = 'Lock';
```

Mistari ilijaa skrini nzima, na karibu yote ilitaja namba moja kama kizuizi: namba ya amri yangu ya kubadilisha jedwali. Mstari wa amri yangu nao ulitaja namba ya ripoti. Ilikuwa dakika ya 20. Tungeweza kuiua ripoti na kuiacha amri yangu ipite, au kuifuta amri yangu na kuiacha ripoti iendelee. Nilichagua kuifuta amri yangu, kwa sababu ilikuwa haijaanza kugusa chochote na PostgreSQL huyatendea mabadiliko ya muundo wa jedwali kama muamala, kwamba ama yanakamilika yote au hayakutokea. Ripoti sikujua ni ya nani wala ingeleta madhara gani ikikatwa katikati. Mwenzangu akaendesha `pg_cancel_backend` kwa namba ile, foleni ikafunguka ndani ya sekunde chache, na dakika ya 23 vipimo vyote vilikuwa vimerejea.

Hilo ndilo tukio. Sasa nieleze nilivyolisimulia mara ya kwanza.

Niliketi mbele ya wasaili wawili nikiwa nimejiandaa kwa mpangilio ambao kila mtu huambiwa autumie, yaani hali, jukumu, hatua na matokeo. Mpangilio huo hauna ubaya wowote. Kosa langu lilikuwa katika mgao wa muda. Nilitumia karibu dakika 6 kueleza aina za makufuli ya PostgreSQL, lipi linapingana na lipi, na kilichobadilika katika toleo la 11, kwa sababu hapo ndipo nilipojisikia salama. Mmoja wa wasaili hakuwa mtaalamu wa kanzidata, nami nilimwona akiacha kuandika. Nilipofika kwenye urekebishaji nilisema hivi, na maneno haya nayakumbuka vizuri: "Tuligundua kwamba kulikuwa na kufuli, tukalifuta, na huduma ikarudi." Dakika 20 za kupapasa gizani nilizipitia kwa sentensi moja yenye kiima cha wengi.

Nilidhani nimemaliza. Maswali yakaanza.

Msaili wa kwanza aliuliza: "Unaposema tuligundua, ni nani aliyegundua?" Nikajibu kwamba tulishirikiana. Akauliza tena, kwa upole: "Mlijuaje kwamba ni kufuli? Kabla ya hapo mlidhani ni nini?" Hapo nilisita, kwa sababu kabla ya hapo nilidhani ni msimbo wangu, na kwa dakika 11 nzima nilikuwa nimefanya jambo lililoongeza tatizo. Sikutaka kulisema. Nikasema kwamba tulichunguza uwezekano mbalimbali. Msaili wa pili akauliza kilichosababisha tukio, nikamjibu kwamba mtu wa idara nyingine aliendesha ripoti ndefu saa za kazi bila kutuarifu. Lilikuwa jibu la kweli kwa kila neno lake, na ndilo lililoniumiza kuliko yote, kwa maana ripoti ile ilikuwa imezoea kukimbia kila mwezi bila madhara, na kilichokuwa kipya asubuhi ile ni amri yangu. Alipouliza nilijifunza nini, nikasema nilijifunza umuhimu wa mawasiliano kati ya idara na kuwa mwangalifu zaidi kabla ya kubadilisha jedwali.

Barua ya kunikataa ilinifikia baada ya siku 6. Sitaficha kwamba iliniumiza kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nimeutaka sana wadhifa ule, na jambo lililokuwa likinirudia usiku si ile barua, ni lile jibu langu kuhusu mtu wa ripoti. Nilikuwa nimemtupia lawama mtu asiyekuwapo ili nisionekane dhaifu mbele ya watu nisiowajua.

Nilipopata nguvu ya kulirudia jambo hili, nilianza na kazi ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya usaili wa kwanza: niliandika ratiba ya tukio, dakika kwa dakika, nikitenganisha mambo matatu katika kila mstari. Kwanza niliandika kilichoonekana wakati ule. Kisha nilichoamini kutokana na kilichoonekana. Mwisho nilichofanya. Kabla ya kuacha kazi ile nilikuwa nimeandika kumbukumbu zangu binafsi za tukio bila taarifa yoyote ya siri ya kampuni, na ninamshauri kila mhandisi afanye hivyo siku ile ile, kwa sababu baada ya miezi akili huyapanga mambo kana kwamba jibu lilijulikana tangu mwanzo. Kwangu tayari ilikuwa imeanza kuyapanga hivyo. Nilikuwa nakumbuka kwamba nilishuku kufuli mapema, kumbe kumbukumbu zangu zilionyesha wazi kwamba neno hilo sikulitaja hadi dakika ya 19.

Ratiba ilinionyesha kwamba kiini cha simulizi hakikuwa kufuli. Kilikuwa dakika ya 14, pale urejeshaji wa toleo la awali ulipokamilika na vipimo visibadilike. Hapo ushahidi ulikuwa umeshaniambia kwamba dhana yangu si sahihi, kwani kama kasoro ilikuwa katika msimbo mpya, kuuondoa kungepaswa kupunguza makosa hata kama si kuyamaliza. Nilikuwa na maarifa ya kutosha kuhitimisha hivyo, lakini nikatumia dakika 5 nyingine nikigonga mlango uliofungwa. Ni hapo ambapo msaili anaweza kuona jinsi mtu anavyofikiri anapokuwa hajui, na ndipo mahali nilipokuwa nimepafuta kabisa katika simulizi ya kwanza.

Kuna jambo jingine lililonisaidia wakati huo. Baadhi ya kampuni huchapisha hadharani ripoti zao baada ya huduma kukatika, nami nilizisoma kadhaa kwa ajili ya namna zilivyosimuliwa. Ripoti ya GitLab kuhusu tukio la tarehe 31 Januari 2017 ilinigusa zaidi. Mhandisi wao, akiwa anahangaika na tatizo la kunakili kanzidata, alifuta saraka ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba, na walipotafuta nakala za kurejesha waligundua kwamba njia zao za akiba hazikuwa zikifanya kazi kama walivyoamini, hata wakalazimika kutumia nakala iliyokuwa na umri wa saa 6 hivi. Ripoti ile inataja kosa la mkono wa mtu bila kulipamba, kisha inatumia nafasi kubwa zaidi kueleza kwa nini kosa dogo kama lile liliweza kufika mbali kiasi kile. Niliona kwamba mtu anaweza kusema "mimi ndiye niliyefanya" na bado asiishie hapo, bali akaeleza mfumo ulivyomruhusu.

Kisha nikafanya jambo gumu: nikayabadilisha masomo yangu. Kuwa mwangalifu hakukaguliki. Nilijiuliza kwa kila somo, je, mhandisi mgeni anayejiunga na timu ile leo, asiyejua lolote kuhusu asubuhi ile, angezuiwa na nini asirudie kosa langu? Kama jibu ni kwamba angekumbushwa, somo hilo nililiacha. Yaliyobaki yalikuwa mawili. La kwanza ni kwamba baada ya tukio niliweka katika kifaa chetu cha kuendesha mabadiliko ya kanzidata sharti la muda wa kusubiri kufuli, likiingia lenyewe kabla ya kila amri:

```sql
SET lock_timeout = '2s';
ALTER TABLE oda
  ADD COLUMN chanzo text DEFAULT 'haijulikani';
```

Kwa sharti hilo amri isiyopata kufuli ndani ya sekunde 2 hujiondoa yenyewe kwenye foleni, na kifaa hujaribu tena baada ya muda, hadi mara 5, kisha hutoa taarifa na kuacha. La pili ni kwamba tulitenganisha mabadiliko ya jedwali na upelekaji wa programu, vikawa hatua mbili zenye muda kati yake, ili kitu kikikwama mhandisi wa zamu ajue ni kipi kati ya viwili kilichotangulia tatizo. Kama vingekuwa vimetengana asubuhi ile, zile dakika 11 nisingezipoteza.

Nilifanya mazoezi ya kusimulia kwa sauti mara nyingi, nikijipima kwa saa, hadi simulizi nzima ikakaa katika dakika 4. Niliiacha nafasi kwa makusudi, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kwamba wasaili hupima zaidi kwa maswali ya ziada kuliko kwa hotuba, na mtu anayezungumza dakika 10 mfululizo huwanyima nafasi hiyo. Nilikuwa pia nimeandaa namna mbili za kueleza kufuli: moja ya mtaalamu, na nyingine ya sentensi mbili kwa mtu asiyejua kanzidata. Ya sentensi mbili ilikuwa hivi: wasomaji wengi wanaweza kukaa chumbani pamoja, lakini fundi anayetaka kubadilisha chumba lazima akikute kitupu. Fundi wangu alisimama mlangoni akimngoja msomaji mmoja atoke, na kila aliyekuja baada yake alilazimika kupanga foleni nyuma yake.

Usaili wa pili ulikuwa na jopo la watu watatu. Swali lilipokuja, nilianza hivi: "Niliangusha huduma ya oda kwa dakika 23 kwa amri niliyoiendesha mwenyewe, na kati ya dakika hizo, zaidi ya 15 zilitokana na dhana yangu ya kwanza kuwa potofu na jinsi nilivyoiacha kwa kuchelewa." Nilisema matokeo kwanza, sehemu yangu kwanza. Niliona wote watatu wakiinua macho.

Kisha nikaeleza madhara kwa kadiri nilivyoyapima: oda takriban 300 hazikukamilika katika muda ule, hesabu niliyoipata kwa kulinganisha maombi yaliyoshindwa katika kumbukumbu za seva na oda zilizoingia baadaye siku hiyo kutoka kwa wateja wale wale. Nilisema pia kwamba ni makadirio, na kwa nini: mteja aliyekata tamaa kabla ombi lake halijafika kwetu hahesabiki. Nilikuwa nimeogopa kwamba kukiri udhaifu wa namba kungeishusha hadhi yake. Kinyume chake, mmoja wao aliitikia kwa kichwa na kuandika.

Nilipofika kwenye uchunguzi nilitumia nafsi ya kwanza umoja pale nilipotenda mimi, na nikamtaja mwenzangu pale alipotenda yeye. Nilisema: "Niliamini ni msimbo, kwa sababu ndio uliobadilika dakika 3 kabla ya kengele. Nilirudisha toleo la awali. Vipimo havikubadilika, na hapo nilipaswa kuiacha dhana ile, lakini niliendelea kujaribu kuingia kwa njia isiyofunguka kwa dakika 5. Mwenzangu ndiye aliyekuwa na funguo, mimi nikamwambia cha kutazama." Sentensi hizi ni fupi, ila kuzitamka kulinigharimu kuliko kitu kingine chochote katika maandalizi yale. Nilieleza uamuzi wa kuifuta amri yangu badala ya ripoti, nikitoa sababu ile ile niliyoitoa hapo juu, kisha nikaeleza mabadiliko mawili tuliyoyafanya na kwamba katika miezi 8 niliyobaki pale kifaa kile kilijiondoa kwenye foleni mara 3, bila mteja yeyote kulalamika.

Kuhusu ripoti nilisema tu kwamba ilikuwa halali na ilikimbia kila mwezi, na kwamba ni mabadiliko yangu yaliyopaswa kuivumilia.

Maswali ya ziada yalikuwa makali, na ninayaandika kwa sababu huenda msomaji akakutana nayo. La kwanza lilikuwa: kwa nini ulipeleka saa za wateja wengi? Nilijibu kwamba nilijiamini kutokana na jaribio, na jaribio langu lilikuwa na upungufu, kwani mazingira ya majaribio hayakuwa na mtu mwingine yeyote anayesoma jedwali. Lilipima muda wa kazi na halikupima muda wa kusubiri. Wakaniuliza kama kuhamishia kazi zote usiku kusingetosha. Nilisema kungesaidia kidogo tu, maana ripoti ndefu na kazi za kunakili data mara nyingi hukimbia usiku, na mhandisi wa zamu huwa amelala.

La pili lilihusu sharti la sekunde 2. Mmoja wao aliuliza kama sasa hakuna madhara tena. Nilisema madhara yapo, ila yana mpaka: katika kila jaribio wateja wanaweza kusubiri hadi sekunde 2 nyuma ya amri, na majaribio 5 yakifuatana bila mapumziko yangeonekana kama huduma inayokwamakwama. Ndiyo maana kifaa kilipumzika sekunde 30 kati ya jaribio na jaribio, ili foleni ipate kumalizika.

La tatu liliulizwa na msaili aliyekuwa kimya muda wote, ambaye baadaye nilijua kwamba ndiye aliyesimamia kanzidata zao. Alitaka kujua kwa nini hatukuihamishia ripoti kwenye seva ya nakala, ili isigusane tena na seva kuu. Nilimwambia kwamba lilikuwa pendekezo la tatu katika orodha yetu, na kwamba hadi naondoka lilikuwa halijatekelezwa. Akauliza kama lingetekelezwa lingemaliza tatizo. Swali hili nilikuwa nimelitafakari nikiwa nyumbani, baada ya ule usaili wa kwanza, nilipojilazimisha kufuata kila pendekezo hadi mwisho wake. Nilisema kwamba wateja wangesalimika, lakini ripoti isingesalimika. Badiliko la jedwali linapofika kwenye nakala nalo huhitaji kufuli zito kule, na likikuta ripoti inasoma, PostgreSQL huvumilia kwa sekunde 30 kama mpangilio wa `max_standby_streaming_delay` haujaguswa, kisha huikata ripoti. Ukiongeza muda huo ripoti itapona, ila nakala itabaki nyuma ya seva kuu kwa muda wote huo, na yeyote mwingine anayesoma kutoka humo atapata data iliyochakaa. Mtu wa ripoti angepaswa kuulizwa kipi kati ya hivyo viwili anaweza kukivumilia.

"Mlimuuliza?" akauliza.

Nilimjibu kwamba hapana. Nilikuwa nimeandika pendekezo lile katika ripoti ya tukio, nikaliacha bila jina la mtekelezaji wala tarehe, na kwa miezi 8 halikusogea. Kama ningelirudia leo, ningeenda kuketi na mwenye ripoti wiki ile ile, kabla hata ya kuandika mapendekezo, kwa sababu ni yeye peke yake aliyejua kama ripoti yake ingeweza kugawanywa katika vipande vifupi. Msaili aliandika jambo fulani, akageuza ukurasa, na tukahamia swali jingine.